Kusoma kwa Ufasaha na Kufahamu: Kuhusu Barua ya Mwanafunzi wa Mtwara

Mwanafunzi wa sekondari katika pwani ya Mtwara amemwandikia barua mkufunzi anayemsaidia masomo ya jioni. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani, anaeleza jambo linalomsumbua. Darasani yeye ndiye anayeteuliwa kuwasomea wenzake, kwa kuwa hasiti wala harudii neno. Lakini katika maswali ya ufahamu alama zake hazivuki nusu, muhula baada ya muhula. Ameshauriwa asome zaidi, akasoma zaidi. Kasi imeongezeka, alama zimebaki zilipokuwa. Anauliza kosa liko wapi, na anadokeza kwamba ameanza kuamini hana akili ya masomo.

Makala haya yanadai kwamba swali hilo lina jibu la kiisimu, na kwamba ushauri aliopewa haukuweza kumsaidia kwa sababu ulilenga stadi ambayo tayari anayo. Kusoma Kiswahili kwa sauti bila kusita si ushahidi kwamba msomaji ameelewa, na chanzo cha hali hiyo ni tahajia yenyewe.

Katika tahajia ya Kiswahili Sanifu, irabu ni tano na kila moja ina herufi yake. Silabi nyingi huishia kwa irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama barabara yenye maana ya 'sawasawa'. Anayezijua kanuni hizi anaweza kutamka neno ambalo hajapata kulisikia, na kulitamka sawa. Haikuwa hivyo daima katika pwani hii. Katika maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, herufi ya ba iliweza kusimama badala ya b au p, na alama moja ya irabu iliwakilisha u na o pia. Hivyo bua, pua na poa yangeweza kuandikwa kwa namna moja, na msomaji alilazimika kuifahamu sentensi kwanza ndipo ajue la kutamka. Msomaji wa zamani wa Mikindani aliyesoma waraka bila kusita alikuwa amekwisha kuuelewa. Wa leo anaweza kuufikisha mwisho bila kuuelewa, na masikio ya wasikilizaji hayawezi kutofautisha.

Mwaka 1986 wanasaikolojia Gough na Tunmer walipendekeza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la mambo mawili: utambuzi wa maneno yaliyoandikwa, na ufahamu wa lugha yenyewe, ule unaotumika hata katika kusikiliza. Neno muhimu hapa ni zao: mambo hayo huzidishwa, hayajumlishwi. Ikiwa utambuzi wa maneno umefikia ukomo wake, yaani 1, na ufahamu wa lugha ya matini ni 0.5, zao ni 0.5. Kuendelea kukazania utambuzi hakubadilishi kitu, kwani 1 haina pa kuongezeka. Hiyo ndiyo hali ya mwandishi wa barua. Kauli hiyo, hata hivyo, ni ya jumla: inaonyesha upande wa kutafuta, haisemi ni kipengele kipi cha lugha kinachopungua. Kwa hilo ni lazima kurudi kwenye matini.

Chukuliwe kifungu kifupi kilichotungwa kwa ajili ya makala haya, juu ya jambo linalojulikana katika vijiji vya kuanzia Msimbati hadi maingilio ya mto Ruvuma, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 2000:

"Walipoambiwa waache kokoro, wavuvi walilalamika kwamba mshipi hauwezi kulisha familia. Wazee walinyamaza. Walikwisha kuona matumbawe yakivunjwa na nyavu hizo na samaki wachanga wakisombwa pamoja nayo. Baada ya muda samaki walirudi. Hata hivyo, waliolalamika hawakusema neno."

Hakuna neno gumu hapa kwa mtoto wa pwani, na msomaji hodari atakimaliza kwa pumzi chache. Sasa aulizwe maswali manne. La kwanza: wavuvi waliambiwa waache nini? Atajibu "kokoro" na kupata alama. Lakini swali la namna hii halipimi ufahamu. Mtu akiandika kwamba mafungwi ya Kiro yalidubuza mikefu, kila mzungumzaji wa Kiswahili ataweza kujibu kwamba kilichodubuzwa ni mikefu, ingawa hakuna ajuaye mikefu ni nini. Upatanisho wa kisarufi na mpangilio wa maneno vinatosha kutoa jibu.

La pili: samaki wachanga walisombwa pamoja na nini? Hapa sarufi inasaidia, kwa mwenye kuitazama. Nayo hairejelei nyavu, ambazo zingedai nazo, inarejelea matumbawe. Anayesoma kwa kasi hujibu "nyavu", kwa sababu ndilo jina lililo karibu zaidi.

La tatu: ni nani waliokwisha kuona matumbawe yakivunjwa, na jambo hilo linahusianaje na kunyamaza? Hapa sarufi inanyamaza pia. Katika Kiswahili majina ya viumbe hai hupatanishwa kwa a- na wa-, yawe ya watu au ya samaki. Kifungu hiki kina vitenzi tisa vyenye wa- ya kiima, na wenye wa- hizo ni makundi matatu. Walipoambiwa, waache, walilalamika, waliolalamika na hawakusema ni vya wavuvi. Walinyamaza na walikwisha ni vya wazee. Wakisombwa na walirudi ni vya samaki. Kiambishi ni kimoja, na mara nyingi jina halitajwi tena, kwa kuwa Kiswahili huruhusu kitenzi kisimame bila jina la kiima. Mgawanyo huo lazima ufanywe na msomaji mwenyewe kwa kufuata maana. Matini inayohusu vitu, yenye ki-, i-, u- na ya-, humwongoza msomaji kwa viambishi tofauti. Matini inayohusu watu, ambayo ndiyo hupendelewa katika mitihani ya ufahamu, humwachia kazi hiyo. Aidha, sababu ya kunyamaza haikutanguliwa na "kwa sababu". Imewekwa tu katika sentensi inayofuata, na walikwisha ndilo linaloonyesha kwamba jambo hilo lilitangulia kutokea. Mwanafunzi asiyeiona atanakili sentensi iliyotangulia na kuandika kwamba wazee walinyamaza kwa kuwa mshipi hauwezi kulisha familia. Jibu la namna hiyo ni dalili nzuri kwa mkufunzi: msomaji ametafuta maneno jirani, hakutafuta sababu.

La nne: hata hivyo inapinganisha nini na nini? Samaki kurudi kulitazamiwa kuwafanya waliolalamika wakiri jambo, hawakukiri. Tazamio hilo halikuandikwa popote. Ni lazima msomaji alijenge ndipo kiunganishi kipate kazi.

Kati ya maswali manne, basi, msomaji wa kasi ana uhakika wa moja, na pengine atabahatisha la pili. Alama zisizovuka nusu si ajabu.

Mkufunzi afanyeje ili kuthibitisha? Hatua ya kwanza ni kumsomea mwanafunzi kifungu cha kiwango kilekile, yeye akisikiliza tu, kisha kumwuliza maswali ya aina ya la tatu na la nne. Akikosa kwa kusikia kama anavyokosa kwa kusoma, tatizo halimo katika herufi. Kifungu kiwe kifupi, kwa sababu kusikiliza kunaelemea kumbukumbu, na kosa la kusahau lisije likahesabiwa kuwa kosa la kutoelewa. Hatua ya pili ni kumruhusu ajibu kwa mdomo maswali aliyokosa kwa maandishi. Akijibu sawa, alielewa, na upungufu wake ni wa kutunga jibu, jambo linalohitaji mafunzo mengine kabisa. Hatua ya tatu inamhusu mwanafunzi ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Chimakonde: asimuliwe kisa kama hicho kwa lugha hiyo na mtu anayeimudu. Akitoa sababu na kutambua nani alifanya nini, uwezo wa kufikiri na kuhitimisha anao, na kinachokosekana ni mazoea ya kuutumia katika Kiswahili cha maandishi.

Hatua hii ya tatu itumiwe kwa uangalifu. Isiwe njia ya kukilaumu Chimakonde. Chimakonde nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli na viambishi vya upatanisho, na mzungumzaji wake amezoea kufuatilia virejeshi tangu utotoni. Tofauti kubwa zaidi ni ile ya mazungumzo na maandishi. Katika mazungumzo, msikilizaji asiyejua "walinyamaza akina nani" huuliza, na msimulizi humwonyesha kwa mkono, kwa sauti au kwa kulirudia jina. Karatasi haiulizwi. Tofauti hiyo inamkabili mtoto anayezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa vilevile.

Tiba hufuata uchunguzi. Kwa mwandishi wa barua, kusoma kwa sauti kusimamishwe kwa muda katika vipindi vya ufahamu. Apewe kifungu cha sentensi nne au tano, apigie mstari kila kitenzi chenye a- au wa-, na juu yake aandike jina la mwenyewe. Kisha kwa kila sentensi aeleze inaitikia nini katika sentensi iliyotangulia: ni sababu, ni tokeo, au ni kinyume? Ikiwa kiunganishi hakipo, akiandike mwenyewe pembeni. Kazi hii ni ya polepole, na mwanafunzi aliyezoea kusifiwa kwa kasi ataiona kama kurudishwa nyuma. Ni vema aelezwe mapema kwamba atasoma kidogo zaidi kwa makusudi.

Upande wa walimu una wajibu wake. Kabla ya kutoa zoezi, mwalimu ahesabu ni maswali mangapi yanayoweza kujibiwa kwa kunakili, kama la mafungwi ya Kiro. Yakiwa mengi, mwanafunzi kama huyu atapata alama nzuri mazoezini, na pengo litaonekana kwenye mtihani, wakati muda wa kuliziba umekwisha. Jambo hili lina uzito zaidi katika sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Kipindi cha Kiswahili ndicho ambapo mwanafunzi huyu anaweza kujifunza kufuatilia hoja ya maandishi katika lugha aliyokwisha kuimudu kwa ulimi. Asipojifunza hapo, atakwenda kwenye vitabu vya baiolojia na tabia ileile ya kutamka na kupita, safari hii katika lugha ambayo hata maneno yake hayajui.

Jibu la barua, basi, liseme wazi mambo mawili. Mwanafunzi hakosi akili: stadi anayosifiwa nayo ni ya kweli, ila si ile inayopimwa. Na jioni ijayo asije na kitabu kizima. Aje na aya moja na penseli.