Mpinzani Aingie Darasani Kwanza

Mwalimu, acha kumweka mpinzani mwisho wa kipindi. Una dakika 40 tu. Ukimsukuma nyuma, kengele inamfuta. Wanafunzi wanabaki na hoja tano za upande mmoja, eti hiyo ni insha.

Mimi ningeanza naye. Andika ubaoni: "Shule za bweni zifutwe." Nani atakataa? Mtoto wa mfugaji kule Turkana, ambaye nyumbani kwao huhama. Basi dai lipunguzwe: "Zifutwe mijini, penye shule za kutwa karibu." Huo sasa ni msimamo.

Ndipo zije aya za ushahidi: hoja moja, mfano mmoja, kisha sentensi inayoeleza mfano huo unathibitisha nini. Hiyo ya mwisho ndiyo hurukwa, na bila hiyo mfano ni porojo tu.