Asifute kwanza

Walimu wa Tabora wanaopanga somo la usalama mtandaoni watenge muda mrefu kwa ujumbe wa vitisho. Suala la nywila ni rahisi: binti asimpe mtu, hata rafiki wa bwenini. Lakini akiandikiwa "nitaisambaza picha yako", kwa hofu hufuta kila kitu, na ushahidi unapotea. Afundishwe asijibu, apige picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, amwonyeshe mama au mwalimu, ndipo amzuie mtumaji. Picha inayotishiwa kusambazwa isirushwe kwa yeyote, hata kwa nia ya kusaidia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu unyanyasaji huu. Namba 116 ya msaada kwa watoto iandikwe ubaoni.