Intaloki haikuokolei doo pale unapodhani

Wasee, kila video ya nyumba ya intaloki lazima kuwe na mtu kwenye komenti: "hiyo ni ya udongo, ndio maana ni rahisi." Mimi nakataa. Hebu tuhesabu simiti.

Chukua ukuta wa mita 10 za mraba. Kwa bloku za simiti za kawaida utahitaji kama 125, na mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa karibu 30. Hiyo ni mifuko minne. Intaloki ni ndogo, kwa hivyo zinaingia kama 380, na mfuko hutoa karibu 100. Mifuko minne tena! Hapo ni sare.

Tofauti inakuja baadaye. Bloku zinataka mota kila mstari, halafu plasta ndani na nje. Hiyo ni mifuko mingine mitatu hivi, mchanga, na siku za fundi. Intaloki zinashikana zenyewe, mota ni ya mstari wa kwanza tu na pale juu kwa linta, na ukuta unaachwa wazi. Udongo unachimbwa hapo hapo, so hulipi lori. Sasa wewe ukizipiga plasta juu majirani watacheka, umerudisha pesa yote dukani.

Matofali ya kuchoma yako sawa kama uko Kakamega na yanachomwa karibu. Lakini hayalingani saizi, kwa hivyo yanakula mota, na tanuru linakula kuni. Yale ya pembeni huwa hayajaiva. Gonga mawili pamoja: yakilia kama chuma, poa. Yakitoa sauti nzito ya mbao, achana nayo.

Intaloki nazo zina masharti. Udongo mweusi wa pamba hapana kabisa, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Toa ule wa juu wenye mizizi, chukua mwekundu wa chini, uloweshe, ujaze kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, uache ukauke. Ukisinyaa zaidi ya sentimita 5, ongeza mchanga kwanza. Halafu mwagilia na ufunike matofali siku saba. Kuna mafundi huruka hii ya mwisho, na utajua tu: ukikwaruza kona na kucha inatoka unga.

Na joto? Hapa ndio watu wanadanganywa zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayozuia joto vile mnaambiwa. Ukuta mzito wa udongo unalichelewesha tu masaa machache, basi. Bloku zenye matundu zinasaidia kidogo. Kama uko Kisumu unachomeka saa nane mchana, kinachokuchoma ni mabati juu ya kichwa. Ile pesa ya plasta iliyobaki, ipeleke kwa silingi, na urefushe paa nje ya ukuta angalau sentimita 60. Litakupa kivuli, na mvua haitakula intaloki zako.