Sehemu ya 3: Kabla hujampiga mkono, kiangalie kichwa

Haya mama, leo tuongelee vidole na nywele.

Mtoto wako wa mwaka mmoja au miwili anayesokota nywele huku ananyonya kidole, macho yanalegea, mwache. Hicho ni kibembelezo chake cha usingizi. Hata akinyofoa mbili tatu, wengi wa umri huo huacha wenyewe. Mpe kitambaa laini ashike, basi.

Mwingine ni huyu. Binti wa miaka 8 aliletwa kliniki ana kipara juu ya sikio la kulia. Mama alikuwa amepaka dawa ya mapunye miezi miwili. (Na mapunye ya kichwani kwa kawaida yanataka dawa ya kumeza, krimu peke yake haitoshi, ila hilo tutaliongea siku nyingine.) Nikaangalia kwa karibu: ngozi safi, haina magamba wala muwasho. Nywele zipo, ila kila moja na urefu wake, nyingine zimekatikia katikati. Kipara kiko upande wa mkono anaoandikia. Hapo nikahisi anang'oa.

Nikamuuliza taratibu, mama akiwa nje. Akasema akianza homework mkono unaenda wenyewe. Akivuta anapata nafuu, halafu anaona aibu. Amejaribu kuacha, imeshindikana. Kung'oa mpaka kunabaki upara, kujaribu kuacha ukashindwa, na kuumia moyoni: hiyo sasa ni trikotilomania, siyo kimazoea tu.

Mama kumbe alikuwa anampiga mkono kila akimwona. Matokeo? Mtoto akahamia chooni kung'olea. Jamani, kofi halifundishi mkono, linaufundisha kujificha. Na kumnyoa ili "akome" mimi sikubaliani nako kabisa kwa mtoto mkubwa. Aibu anayo tayari.

Tulichofanya: wiki nzima mama aliandika kwenye daftari ni saa ngapi na mtoto alikuwa anafanya nini. Ikaonekana ni hesabu, na kabla ya kulala. Basi saa ya hesabu mkono wa kushoto ukapewa kidonge cha unga wa ngano wa kufinyanga. Mkono ukianza kupanda, anakunja ngumi dakika moja mpaka hamu ipungue. Usiku kilemba. Mama hasemi "acha!", anasema "mikono yako ina kazi gani mwanangu?" Nywele zilirudi polepole, mitihani ilipofika akang'oa tena kidogo, wakaanza upya bila kelele. Isingepungua, ningempeleka kwa mwanasaikolojia. Tiba yenyewe ni mazoezi ya namna hii. Usikimbilie vidonge.

Swali moja usiache kumuuliza mwanao, kwa upole: ukishang'oa, unaziweka wapi? Akisema anakula, mlete hata kama anaonekana mzima. Nywele hazimeng'enywi, zinaweza kujikusanya tumboni zikawa donge. Akiwa na maumivu ya tumbo, anatapika au anashiba haraka, msilale nyumbani, njooni siku hiyo hiyo.