Mkweli, mkavu au ana mdomo?

SAFU: MEZA YA ALHAMISI
Na Mwanaidi Shomari

Msimu wa tathmini ya utendaji ukifika, kila msimamizi ana mtu mmoja anayempa taabu kumwandika. Si mvivu wala mchelewaji. Ni yule asiyemung'unya maneno. Mwishowe anaandikiwa: "Ni mkweli sana, ila apunguze." Apunguze nini, ukweli?

Muwazi hafichi anachofikiri. Msema kweli hukwambia hata usichopenda kusikia. Mkavu hukwambia hicho hicho bila salamu. Asiye na staha hachagui mahali, wala hajali nani anasikia. Yote manne yanaweza kumhusu mtu mmoja katika kikao kimoja. Inategemea umeketi upande gani wa meza. Akiwa mwanamke, mara nyingi huongezewa la tano: "ana mdomo." Kabla ya kuandika, jiulize kama neno hilo ungempa mwanamume aliyesema vilevile.

Tuchukue mfano. Mhasibu amegundua kwamba leja inaonyesha vipuri 40, stoo vimo 28. Kikaoni, mbele ya wote, anamwambia mtunza stoo: "Wewe ni mwizi." Fomu ikisema "hana staha", atakachosoma ni tusi, naye atakujibu kwamba vipuri 12 havipo. Atakuwa sahihi.

Mimi ningeandika hivi: "Katika kikao cha robo ya pili alibaini upungufu wa vipuri 12, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Alimwita mtunza stoo mwizi mbele ya wenzake kabla ya uchunguzi. Tangu siku hiyo taarifa za stoo zinamfikia kwa kuchelewa. Robo ijayo, tofauti ya hesabu aipeleke kwanza kwa maandishi kwa mkuu wa stoo, na kikaoni ataje hati, si mtu."

Hakuna sifa ya tabia hapo. Kuna tukio, kilichosemwa, madhara yake kazini na cha kufanya. Ukweli wake umebaki na heshima yake, kwa hiyo hatajifunza kunyamaza akiona upungufu mwingine. Ila kama ni kosa la mara moja, lilipaswa kusemwa wiki ileile, faraghani. Kuliweka akiba hadi siku ya fomu ni uoga wa msimamizi.

Watumishi wa umma wa Tanzania wanaijua OPRAS, iliyoanza 2004 kuchukua nafasi ya tathmini ya siri. Ilikuwa na sehemu ya maoni ya mtumishi. Mhasibu wetu asiiache tupu sehemu kama hiyo. Huenda akaandika kwamba kabla ya kikao kile alishapeleka barua mbili kuhusu vipuri hivyo na hakujibiwa. Hapo msimamizi itabidi azitafute hizo barua, na swali la staha lihamie kwa aliyezikalia.