Zawadi Isinunue Sifa

Tuchukue mfano wa mama auzaye dagaa wa pakiti hapo Mwigobero, Musoma, anayetaka wateja wake wajirekodi kwa simu wakiwapika. Awape maagizo machache: wafute kioo cha kamera, mwanga wa dirisha umwangukie mpishi usoni, na redio izimwe. Video iwe ya nusu dakika, ionyeshe pakiti ikifunguliwa, dagaa wakioshwa, kisha wakiwa sahanini. Wasipewe maneno ya kukariri. Waulizwe tu kama walikuta mchanga.

Zawadi iwe ndogo, mathalani pakiti moja, na apewe kila aliyefuata masharti, hata aliyesema kuwa mchanga ulikuwamo. Wakizawadiwa wasifuo pekee, video zote zitafanana na wanunuzi watashtuka. Tena yule mlalamikaji amemfaa mama: amemjulisha kuwa dagaa wale walianikwa chini mchangani, si juu ya kichanja.

Kabla ya kuisambaza video, mama apate idhini ya mteja kwa maandishi, na atamke wazi kwamba zawadi ilitolewa.