KUSAHIHISHA MAELEZO YA HESABU



Jioni za mwezi uliopita tulipewa kazi ya kusahihisha karatasi za makarani vijana wanaojifunza hesabu katika darasa la chama, na humo tulikuta jambo ambalo hatukuona vema kulinyamazia. Karatasi iliyopata alama nyingi kuliko zote ilikuwa haimwambii mkuu wa ofisi neno lo lote la kumfaa. Na ile ambayo angeiomba iletwe mezani pake ilikuwa imeanguka katikati ya orodha.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Idara fulani ina magari matatu. Fungu lake la petroli lilikisiwa kuwa lita 12,000 kwa mwaka, kila lita shilingi 3,000, yaani shilingi 36,000,000. Mwaka ulipokwisha ikaonekana kwamba zilinunuliwa lita 11,000 kwa shilingi 3,300 kila lita, jumla yake shilingi 36,300,000. Pamoja na tarakimu hizo makarani walipewa nakala ya daftari la safari za magari na hati za karakana, wakaambiwa wakokotoe tofauti kisha waieleze.

Ukokotoaji hauna ugumu. Bei ilizidi kwa shilingi 300 katika kila lita iliyonunuliwa, na lita zilikuwa 11,000, basi bei peke yake iliongeza gharama kwa shilingi 3,300,000. Lita 1,000 hazikununuliwa, nazo kwa bei ya makisio ni shilingi 3,000,000 zilizookolewa. Ukitoa hizi katika zile zasalia shilingi 300,000, ndizo zilizozidi fungu.

Karani wa kwanza aliyapata hayo yote bila kosa. Chini yake aliandika: “Fungu limezidi kwa shilingi 300,000 kwa sababu bei ya petroli ilipanda. Tofauti ni ndogo, haihitaji hatua.” Kwa mpango wa zamani, uliotenga alama 16 kwa hesabu na 4 kwa maelezo, alipata 18 katika 20.

Hebu tuitazame sentensi yake. Yeye mwenyewe, mistari mitatu juu, ameonyesha ya kuwa bei iliongeza shilingi 3,300,000. Ikiwa bei ndiyo sababu, shilingi 3,000,000 zimekwenda wapi? Maelezo yake yanapingana na hesabu yake mwenyewe, wala hakuona. Tena neno “ndogo” ni la hatari. Shilingi 300,000 hazifiki hata moja katika mia ya fungu, lakini ni mabaki ya mambo mawili makubwa yaliyovutana hata yakakaribia kulingana.

Karani wa pili alikosea. Alizidisha shilingi 300 kwa lita 12,000 za makisio, badala ya 11,000 zilizonunuliwa, akapata 3,600,000. Kwa hiyo tofauti zake mbili zilileta 600,000, wala hazikupatana na zile 300,000. Lakini aliandika hivi: “Lita 1,000 hazikununuliwa kwa kuwa gari moja lilikuwa karakana tangu Januari hata mwisho wa Machi, kama daftari lionyeshavyo. Safari zake hazikufutwa, ziliahirishwa. Gari limerudi kazini, basi mwakani lita 12,000 zitahitajika tena, na kwa bei ya sasa fungu litakuwa shilingi 39,600,000.”

Sasa twaja kwenye kiini cha neno letu. Watu husema kwamba maelezo hayapimiki kama hesabu, kwa kuwa kila msahihishaji ana ladha yake. Sivyo. Sababu iliyotajwa yaweza kupimwa kwa tarakimu: je, ni kubwa kiasi cha kuzaa tofauti ile? Magari matatu kwa lita 12,000 ni lita 4,000 kila gari kwa mwaka, nazo ni kama lita 333 kwa mwezi. Miezi mitatu karakana ni lita 1,000. Sababu imelingana na tofauti. Karani mwingine aliandika kwamba dereva mmoja alikwenda likizo ya majuma mawili. Ni kweli, imo daftarini, lakini majuma mawili hayafiki hata lita 200. Sababu ya kweli isiyotosha si maelezo, na kumpa alama kamili kwa kuwa ametaja kitu kilichotokea ni kumzoesha kuacha kutafuta mapema.

Tukazisahihisha karatasi upya, alama 8 kwa hesabu na 12 kwa maelezo. Wa kwanza alipata 8 na 3, jumla 11. Wa pili alipata 6 na 9, jumla 15. Kosa lake tulilitoza mara moja tu katika hesabu, maana si haki kumpiga mtu mara mbili kwa tarakimu ileile. Lakini tulimpunguzia pia katika maelezo, kwa sababu aliona 600,000 upande huu na 300,000 upande ule, asiseme neno. Kama angaliandika “hizi hazipatani, nami sijaona kosa lilipo,” tungalimwachia alama hizo, kwa kuwa mkaguzi hukasirishwa zaidi na tofauti iliyofichwa kuliko na tofauti iliyokiriwa.

Wala si jambo la darasani tu. Kanuni ya kimataifa ya hesabu za serikali iitwayo IPSAS 24, iliyotolewa mwaka 2006, yataka idara ambayo makisio yake hutangazwa ionyeshe fedha zilizokisiwa na zilizotumika, tena ieleze sababu za tofauti zilizo kubwa, isipokuwa zimekwisha kuelezwa katika hati nyingine ya wazi inayotolewa pamoja na hesabu hizo. Nasi tumewahi kuiona idara moja, ambayo hatutaitaja, ikipeleka tarakimu sahihi pasipo maelezo. Waliozisoma waliona lita zimepungua, wakakata fungu la mwaka uliofuata. Gari likatoka karakana, likasimama uani tangu mwezi wa tisa kwa kukosa petroli.

Kuna mambo mawili ambayo yalitutaabisha. La kwanza, swali lisiloambatana na daftari wala hati haliwezi kupimwa kwa njia hii. Ukimpa karani tarakimu tupu na kumwambia aeleze, atabuni, na mwenye kubuni vizuri ndiye atakayeshinda. La pili ni lugha. Wengi wetu tulifundishwa hesabu kwa Kiingereza, na yuko kijana aijuaye sababu kamili lakini sentensi zake zachechemea. Sisi wenyewe, twakiri, tulimpa mmoja alama 8 kwa mwandiko wake mzuri na maneno yake matamu, na tulipomsoma mara ya pili hatukukuta humo gari wala mwezi wala lita.

Kwa hiyo tumepatana kwamba karatasi tano za kwanza zitasahihishwa na watu wawili mbalimbali, kila mtu pasipo kuona alama za mwenzake, kisha waketi pamoja. Safari hii katika karatasi tano tulihitilafiana kwa alama zaidi ya mbili katika tatu. Mwenzetu mmoja angali anashikilia kwamba alama 8 za hesabu ni chache mno, na ya kuwa vijana watalegea katika kuzidisha na kutoa. Tumemwahidi kuliangalia hilo karatasi za robo ijayo zitakapoletwa.